Rangi Ichague Leo, Kiwanja Kisubiri Masika

Kaa nusu siku katika duka lolote la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, utawaona. Mke na mume wamekuja kwa mara ya tatu kuangalia marumaru za sebuleni. Wameshika vipande viwili mkononi, kimoja rangi ya maziwa, kingine rangi ya mchanga, na wanabishana kwa sauti ya chini. Wanapiga picha, wanamtumia dada mtu aliyeko Arusha, kisha wanaondoka bila kununua. Ukiwauliza kiwanja walikipataje, mara nyingi watakuambia walipelekwa na dalali siku ya Jumamosi, dalali akasema kuna mteja mwingine yuko njiani, na kufikia saa nane mchana walikuwa wameshalipa.

Sina ugomvi na anayependa sebule nzuri. Tatizo ni kwamba muda umewekwa pasipostahili. Marumaru zisipokupendeza utazibandua, au utazizoea, au utatandika zulia juu yake. Kiwanja kikiwa ndani ya hifadhi ya barabara, hakuna zulia la kukifunika.

Wengi hudhani uamuzi mkubwa ni ule wa pesa nyingi na mdogo ni ule wa pesa kidogo. Katika ujenzi, kipimo hicho kinapotosha. Mlango wa mbele wa mninga unaweza kugharimu kuliko mabomba yote ya maji taka yaliyo chini ya nyumba, lakini mlango unang'olewa na fundi mmoja kwa asubuhi moja na kuuzwa kwa mtu mwingine. Bomba la inchi 4 lililolazwa vibaya chini ya jamvi la zege halirekebishwi bila kuvunja sakafu, na mara nyingi ni sakafu ya choo ambayo familia nzima inaitumia kila siku. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu ni shilingi ngapi, uliza kukitengua ni shilingi ngapi, nani atalazimika kukubali ndipo kitenguliwe, na ni lini nafasi ya kukitengua itafungwa. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana, kwa sababu maamuzi mengi ya ujenzi yanaweza kubadilishwa bure hadi saa fulani ya siku fulani, halafu hayabadiliki tena.

Nianze na kiwanja, kwa kuwa hapo ndipo hasara kubwa hutokea.

Chukua mfano wa mtu na mkewe wenye shilingi milioni 15 za akiba, wanaopanga nyumba kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Wameonyeshwa kiwanja cha mita 20 kwa 25 pembezoni mwa jiji, bei ni hizo hizo milioni 15. Dalali anawaharakisha. Tuseme wakikataa kuharakishwa watahitaji wiki tatu za kuchunguza. Wiki hizo zitawagharimu kodi ya kama shilingi 150,000 ambayo wangeilipa hata hivyo, kwa kuwa kununua kiwanja si kuhamia. Waongeze nauli, ada ya upekuzi na malipo ya mpima, tuseme jumla shilingi 500,000. Sasa, hata kama katika viwanja kumi vya aina hiyo kimoja tu kingekuwa na kasoro ya kukifanya kisijengeke au kisimilikike, ni sawa na kubeba mzigo wa wastani wa shilingi milioni moja na nusu kwa kila kiwanja kinachonunuliwa kwa kufumba macho. Wiki tatu za kusubiri zimejilipa mara tatu. Na ikiwa kweli yule mteja mwingine yupo na akakichukua? Wataenda mtaa wa pili. Kiwanja kilichokuponyoka kina badala yake, ila akiba iliyozama haina.

Ninachowaambia watu ni kwamba haraka ya dalali ni taarifa yenyewe. Kiwanja kilicho safi hakipungukiwi kitu kikikaguliwa. Muuzaji mwenye karatasi zake zote hukasirika kidogo ukimwomba nakala, halafu hukupa. Asiye nazo hukuletea simulizi.

Katika zile wiki tatu kuna kazi za aina mbili, za karatasi na za miguu.

Za karatasi ni kujua nani anauza na kama anayo haki ya kuuza. Kwa sheria za Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Mtu ana haki ya kuikalia na kuitumia, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ndiyo inayoongoza hati za mijini, ambazo muda wake haupiti miaka 99. Kama kiwanja kina hati, upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati utaonyesha jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani benki. Kama kimepimwa lakini bado hakina hati, nenda halmashauri ukaangalie mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji, kisha mpima aje na vifaa vyake alinganishe bikoni zilizopo ardhini na zile za kwenye ramani. Hapa ndipo watu hugundua kwamba wameonyeshwa kiwanja namba 112 huku wakiuziwa namba 121, au kwamba eneo lote lile limetengwa kwa shule au uwanja wa wazi. Kama hakijapimwa kabisa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wa pande zote nne ni mashahidi wa lazima, lakini muhuri wa mtaa peke yake haukikingi kiwanja dhidi ya barabara au mto.

Muuzaji akiwa na mwenza, sahihi ya mwenza lazima iwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na hata kama ni kiwanja kitupu, mke aliyefichwa leo ni kesi ya kesho. Ikiwa mali ni ya urithi, omba barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Ndugu mmoja aliyepewa baraka na wenzake kwa maneno ya mdomo hatoshi, kwa sababu wale wenzake wanaweza kubadili mawazo utakapokuwa umeshafika kwenye linta.

Za miguu ni kwenda kiwanjani zaidi ya mara moja, na angalau mara moja bila dalali. Kama unaweza, nenda masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Kiwanja cha Agosti na kiwanja cha Aprili ni viwanja viwili tofauti. Wakazi wa bonde la Msimbazi walikuwa wameishi pale miaka mingi kabla ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoilazimu serikali kuwahamishia baadhi yao Mabwepande. Mwaka mkavu haukuwa umewadanganya. Ulikuwa umewaonyesha nusu ya habari tu. Ukizungumza na majirani usiulize kama kuna mafuriko, maana jirani hapendi kuuponda mtaa wake mwenyewe na atakujibu hapana. Uliza mwaka ule wa mvua kubwa maji yalifika wapi. Atakunyooshea kidole ukutani, na hapo utapima kwa futi kamba.

Pima pia umbali kutoka kwenye mto, bahari na barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukianzia katikati ya barabara. Zipo barabara ambazo hifadhi yake ni pana kuliko hapo. Wengi wanakumbuka bomoabomoa ya mwaka 2017 katika Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, pale nyumba zilizosimama mbali kabisa na lami zilipowekewa alama nyekundu ya X. Kwa hiyo usikadirie kwa macho, uliza mamlaka ya barabara yenyewe hifadhi ya barabara hiyo ni mita ngapi.

Jambo la mwisho kiwanjani linahitaji jembe. Omba ruhusa ya kuchimba shimo la mita moja na nusu mahali unapofikiria kuweka shimo la maji taka. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ujue msingi wako utahitaji mhandisi na pesa zaidi, kwa sababu udongo huo huinua na kushusha kuta hadi zipasuke. Ukikuta maji yamejaa shimoni masika, maji taka yako hayatakuwa na pa kuzama, na utakuwa ukiita gari la kunyonya mara kwa mara kwa maisha yako yote hapo. Shimo hilo linachimbwa na kibarua mmoja kwa siku moja. Sijaona upelelezi mwingine wa bei rahisi kiasi hicho.

Kama muuzaji anakataa kabisa kusubiri, kuna njia ya kati. Badala ya kulipa yote au kuondoka, lipa advansi ndogo kwa mkataba ulioandikwa na wakili, wenye kifungu kinachosema pesa itarudishwa ikiwa upekuzi au upimaji utaonyesha kasoro, na utaje tarehe ya mwisho ya uchunguzi. Hapo umegeuza uamuzi usiorudi nyuma kuwa ule unaorudi, kwa gharama ya kiasi kidogo kwa wiki chache. Akikataa hata hilo, amekujibu.

Sasa kiwanja kimepatikana, kibali cha ujenzi kimetoka halmashauri, fundi amekuja na kamba. Siku ya kupiga kamba ndiyo siku ninayoithamini kuliko zote katika ujenzi, na ndiyo siku ambayo mwenye nyumba mara nyingi hayupo kwa sababu anaona bado hakuna cha kutazama. Nyumba nzima imechorwa chini kwa vigingi, kamba na chokaa. Kuisogeza mita moja ni kung'oa vigingi na kuvipigilia upya, kazi ya dakika arobaini. Wiki moja baadaye, msingi ukishapanda, kuisogeza hata sentimita kumi ni kubomoa. Na kama kuisogeza huko kunaigeuza nyumba au kuikaribia mipaka kuliko mchoro ulioidhinishwa, rudi kwanza kwa aliyechora, kwa maana hata hapo kabla ya jembe kuingia ni karatasi tu inayobadilika.

Siku hiyo omba saa mbili zako. Mwambie fundi asianze kuchimba hadi kesho yake. Chukua kitanda cha futi tano kwa sita, au fito zilizokatwa kwa vipimo vyake, uviweke ndani ya chumba kilichochorwa kwa chokaa. Tembea kutoka jikoni kwenda mahali pa kula ukiwa umebeba sinia. Simama dirishani. Chumba kwenye karatasi kina namba nzuri, lakini mwili wako ndio unaojua kama kabati na kitanda na mtu anayepita vitakaa pamoja.

Kisha tazama jua na upepo. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu juu ya utosi, na kuta zinazochomwa zaidi ni za mashariki asubuhi na za magharibi jioni. Nyumba ikiwa ndefu, upande mrefu utazame kaskazini na kusini, na ule mfupi ndio upigwe na jua la magharibi. Chumba cha kulala chenye ukuta mpana wa magharibi hukusanya joto mchana kutwa na kukurudishia usiku wakati unatafuta usingizi. Pwani tuna pia bahati ya pepo mbili zinazojulikana tangu enzi za majahazi: kusi, inayovuma kutoka kusini katikati ya mwaka, na kaskazi, ya kutoka kaskazini mashariki wakati wa joto la Desemba hadi Machi. Kaskazi ndiyo unayoihitaji sana, maana inakuja wakati wa joto kali, kwa hiyo chumba unachokipenda kiwe na dirisha upande huo na jingine la kutokea upepo. Choo na jiko la mkaa viwe pale ambapo pepo hizo zitapeleka harufu na moshi nje, si sebuleni. Dirisha unaweza kulipanua baadaye kwa taabu, ila nyumba huigeuzi.

Suala la kimo ni la siku hiyo hiyo. Mtaa mpya una barabara ya vumbi ambayo siku moja itawekwa kifusi, labda changarawe, labda lami, na kila mara inapanda. Nyumba zilizokuwa juu ya njia zinajikuta chini yake, na mvua ikinyesha maji ya barabara yanaingia uani. Hapo fundi na kifaa chake cha kupimia usawa atakuonyesha njia iko wapi ukilinganisha na msingi wako. Panga sakafu iwe juu ya alama ya mafuriko aliyokuonyesha jirani na juu ya barabara kama itakavyokuwa, si kama ilivyo leo. Mistari miwili zaidi ya tofali na malori kadhaa ya kifusi vinauma mfukoni sasa hivi. Kuinua sakafu ya nyumba iliyokwisha kuezekwa ni kuipunguzia urefu wa vyumba, kuikatia milango na kuanza marumaru upya.

Halafu mabomba. Bomba la inchi 4 la choo kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani kila mita moja ya urefu inashuka sentimita mbili na nusu. Ukiweka choo nyuma ya nyumba na septiki mbele kwa sababu hapo ndipo gari la kunyonya litafika, na umbali ukawa mita 20, bomba litashuka nusu mita njiani. Kama kiwanja chenyewe kinateremka kuelekea nyuma, hiyo nusu mita haipatikani bila kuinua msingi wote. Ukilazimisha mteremko mdogo, kinyesi kinakaa njiani na choo kinaziba kila baada ya miezi michache, na utamlaumu fundi bomba wakati kosa lilifanywa na kamba. Pima pia umbali kutoka shimo la maji taka hadi kisima, chako na cha jirani. Mita 30 ndicho kipimo kinachotumika sana, na katika viwanja vya mita 20 kwa 25 maana yake ni kwamba kisima na shimo la maji taka haviwezi kukaa pamoja salama. Mmoja wenu, wewe au jirani, atategemea maji ya bomba. Ni afadhali mzungumze sasa, kabla hamjagombana.

Sitaki msomaji adhani kila kitu kinadai uzito huu. Ukipeleka uzito wa kiwanja kwenye kila kitu, nyumba haitaisha na mafundi watakuchukia. Fundi wa kulipwa kwa siku anayekaa chini ya mwembe akisubiri uchague vitasa anakula posho ya siku hiyo, na ukimrudisha kesho huenda amepata kazi nyingine. Kuchelewa kwenye jambo dogo kuna bei yake, ila bei hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Basi kwa rangi, taa, mapazia, vitasa, bomba za sinki, mlango wa bafu, muundo wa geti, weka kanuni kabla hujaondoka nyumbani. Mimi hushauri maduka mawili, bajeti iliyokwisha kuandikwa, na siku moja. Kilicho bora kati ya ulivyoviona ndani ya bajeti siku hiyo ndicho unachonunua, hata kama pengine kuna kizuri zaidi duka la tano. Turudi kwa wale wa marumaru. Tuseme tofauti ya bei kati ya machaguo yao mawili ni shilingi 2,000 kwa mita ya mraba, na sebule na korido ni mita 60. Wanabishania shilingi 120,000. Kama kila safari ya mjini inawagharimu nauli na siku ya kazi, na fundi anasubiri, safari ya tatu imeshakula sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Au wagawane: mume achague taa, mke achague marumaru, na aliyechagua asiulizwe. Ndoa nyingi zingepumua.

Ila angalia, ndani ya uamuzi mdogo huweza kujificha kipande kisichorudi nyuma. Rangi ya ukuta ni ya kuchagua upesi, kwa maana kopo moja linabadilisha chumba, tena unaweza kupaka kipande cha mita moja ukakitazama asubuhi na jioni. Lakini lini upake si jambo la haraka. Plasta mpya ya saruji inahitaji kukauka, kwa kawaida kama wiki nne, na ukipaka mapema rangi itatoa mapovu na kumenyuka, nawe utalipia kukwangua. Marumaru vivyo hivyo. Aina chagua leo, lakini nunua maboksi yote kwa mkupuo mmoja yakiwa na namba moja ya uzalishaji iliyochapwa kwenye boksi, na ongeza kama asilimia kumi ya kukatwa na kuvunjika. Ukirudi miezi sita baadaye kutafuta boksi mbili, utapata jina lile lile na rangi iliyopauka kidogo, na sebule itakuwa na kiraka ambacho wageni hawataki kukitazama lakini watakitazama.

Kati ya haya mawili, yale ya haraka na yale ya kusubiri, kuna kundi la tatu ambalo linahitaji akili kuliko subira. Ni maamuzi ambayo huna majibu yake leo, lakini unaweza kununua haki ya kuyaamua baadaye kwa bei ndogo. Hujui kama utaweka kiyoyozi, tangi la juu, umeme wa jua, kamera za ulinzi. Usijifunge kwa ndiyo wala hapana. Kabla plasta haijapigwa, pitisha mabomba matupu ya nyaya ukutani kuelekea kila mahali unapoweza kupahitaji. Acha bomba moja la akiba linalopita chini ya msingi kutoka nje hadi ndani, limezibwa ncha zote mbili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Swali gumu katika kundi hilo ni ghorofa. Mtu anajenga nyumba ya chini na kusema, pesa ikija nitapandisha. Kisha fundi anaacha nondo zikichomoza juu ya kuta, kama ahadi. Nondo hizo zikikaa nje kwa miaka kwenye hewa ya chumvi ya pwani zinakula kutu, na kibaya zaidi, mara nyingi hazina kitu chini yake. Nyumba ya kawaida ya chini imebebwa na kuta za tofali juu ya msingi mwembamba, na uzito wa sakafu ya pili ya zege pamoja na watu na samani zake haukuhesabiwa. Kama kuna uwezekano wa kweli wa ghorofa, mhandisi aamue sasa ukubwa wa vitako na nguzo, hata kama utazijenga nguzo hadi usawa wa paa tu na kufunika ncha za nondo kwa zege hafifu. Hilo litaongeza gharama ya msingi, na hapo ndipo inafaa kukaa chini na kujiuliza kwa ukweli kama ghorofa ni mpango au ni ndoto. Kama ni ndoto, jenga msingi wa nyumba ya chini, zika suala hilo, na sehemu ya pesa hiyo iweke kwenye kimo cha sakafu.

Bado siku moja. Kesho zege la jamvi linamwagwa, lori la kokoto limeshafika, vibarua wameitwa. Mabomba yamelazwa, nondo zimefungwa, na fundi anataka kulala mapema. Huu ndio wakati wa mwisho ambao kosa la chini linaonekana kwa macho. Mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu la choo na uone yanavyotoka kwenye chemba, yote, bila kutuama njiani. Ziba ncha ya chini, jaza bomba maji, acha saa moja, uone kama usawa unashuka. Kisha tandaza futi kamba kutoka ukutani hadi kwenye kila bomba na upige picha ambayo namba zinasomeka, chumba kwa chumba. Ukiona kasoro, lipa vibarua nusu siku yao warudi nyumbani, na zege lisubiri.